Arbuni, kianzio au malipo ya awali? Uchambuzi wa mkataba wa Kichina wa mashine ya kukamua alizeti

## Usuli

Kikundi cha wakulima wa alizeti kanda ya kati Tanzania kilikubaliana na kiwanda kimoja cha mashine nchini China kununua mtambo wa kukamua mafuta kwa yuani 480,000. Majina, mahali halisi na tarehe vimeondolewa, na kiasi cha fedha kimebadilishwa kidogo bila kuharibu uwiano wake.

Mkataba ulikuwa na kurasa 11 za Kichina kitupu. Kiwanda kilitumia kielelezo kilekile ambacho hukitumia kuwauzia wateja wake wa ndani, na kifungu cha mwisho kilisema kwamba sheria ya China ndiyo itakayotumika na kwamba nakala ya Kichina ndiyo yenye nguvu. Tafsiri ya Kiswahili ilihitajika kwa sababu wajumbe wa kamati ya kikundi, ambao ndio waliotakiwa kupiga kura ya kuridhia, wanasoma Kiswahili tu.

Hili la mwisho liliamua namna nzima ya kufanya kazi. Tafsiri isiyotiwa saini haimfungi mtu. Kazi yake ni kumwezesha msomaji aone litakalompata iwapo mambo yatakwenda kombo. Kwa hiyo mfasiri alikuwa na ruhusa ya kuweka maelezo chini ya ukurasa, jambo ambalo kwenye tafsiri ya kupeleka mahakamani angelifanya kwa uangalifu mkubwa zaidi, na kamwe si ndani ya matini yenyewe.

Malipo yalipangwa hivi: asilimia 30 wakati wa kusaini, yaani yuani 144,000; asilimia 65 kabla mzigo haujapakiwa, yuani 312,000; na asilimia 5 iliyobaki, yuani 24,000, baada ya mtambo kufungwa na kukubaliwa. Kiwanda kiliahidi kumaliza kazi siku 60 baada ya kupokea fedha ya kwanza.

## Mambo yalivyokwenda

Tafsiri ya kwanza ilifanywa kwa haraka na wakala wa kikundi aliyekuwa Guangzhou. Wakala huyo anazungumza Kichina cha biashara vizuri sana, na bei aliyoipata ilikuwa nzuri. Katika tafsiri yake fedha ya kwanza iliitwa "malipo ya awali", kifungu cha ucheleweshaji kikaitwa "faini ya asilimia 5 kwa siku", na kifungu cha upokeaji kikasema "mnunuzi atakagua mashine ndani ya siku 7".

Kamati ilisoma na kuridhika. Fedha ya awamu ya pili ilikuwa inategemea mkopo wa benki ambao haujatoka, lakini wajumbe walijifariji kwamba mkopo ukikwama wataomba "malipo ya awali" yao yarudishwe. Ili wasipoteze nafasi kwenye foleni ya kiwanda, wakatuma yuani 40,000 kabla hata mkataba haujasainiwa. Risiti ikarudi siku hiyohiyo ikiwa na mhuri mwekundu.

Ndipo mjumbe mmoja akataka mkataba ufasiriwe upya na mfasiri wa kazi hiyo, na tafsiri ipitiwe na mtu wa pili. Mfasiri aliomba nyaraka zote, si mkataba peke yake: risiti, ankara na mazungumzo ya WeChat. Ombi hilo ndilo lililofichua tatizo la kwanza.

## Neno la kwanza: dingjin mbili

Mkataba uliandika 定金. Risiti iliandika 订金. Yote mawili hutamkwa dìngjīn, kwa toni zilezile, hivyo katika ujumbe wa sauti hakuna awezaye kuyatofautisha, hata Mchina mwenyewe. Mtu akichapa "dingjin" kwenye simu, maneno yote mawili hujitokeza kwenye orodha na kidole huchagua. Kwa jicho tofauti iko kwenye herufi ya kwanza: ile ya mkataba ina paa juu yake na maana yake ni kuthibitisha au kukaza, ile ya risiti ina alama ya usemi upande wa kushoto na maana yake ni kuagiza au kuweka oda.

Kisheria ni mbingu na ardhi. Mkusanyiko wa Sheria za Kiraia wa China, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, unaitambua 定金 kuwa aina ya dhamana. Kifungu cha 587 kinasema mlipaji akivunja mkataba kiasi cha kuuondolea lengo lake, hana haki ya kudai fedha hiyo. Mpokeaji akivunja kwa kiwango hicho, anarudisha maradufu. Kifungu cha 586 kinaweka masharti mawili zaidi: dhamana hiyo huzaliwa pale fedha inapotolewa kweli, na haiwezi kuzidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. Kinachozidi hapo hakina nguvu ya dhamana.

订金 haina makali hayo. Ni fedha ya oda tu. Ufafanuzi wa Mahakama ya Juu ya Watu wa China uliotoka Desemba 2023 unasema wazi kwamba aliyetoa 订金, bila pande mbili kukubaliana kuwa ina sifa ya dhamana, hawezi kuja kudai ile kanuni ya maradufu.

Sasa kwa Kiswahili tuiteje 定金? Mfasiri alipima maneno matano, na inafaa kueleza kila moja lilianguka wapi.

"Malipo ya awali" yanasema wakati wa kulipa na kunyamaza kuhusu yatakayofuata. Isitoshe, Kichina kina neno jingine la malipo ya awali, 预付款, na mkataba huohuo ulilitumia kwenye kiambatisho cha vipuri. Ukitumia neno moja la Kiswahili kwa yote mawili umefuta mpaka ambao mwandishi aliuchora kwa makusudi.

"Amana" ilikataliwa mara moja. Amana huwekwa ili irudishwe, na mwenye kuila ndiye mkosaji. Hapa mpokeaji anaweza kuila kihalali.

"Dhamana" peke yake ni pana mno. Msomaji atafikiria hati ya nyumba au mdhamini wa kibinadamu.

"Kishika uchumba", kama wanavyosema madalali wa viwanja na magari, kinakaribia kwa hisia: ukijitoa, unakiacha. Lakini ni neno la mtaani, na kiasi chake huwa kidogo cha kuonyesha nia. Mjumbe asingedhani linaweza kuhusu yuani laki na ushee.

"Arbuni" ndilo lililokaribia zaidi. Neno hili la pwani, lenye asili ya Kiarabu, ni fedha anayotanguliza mnunuzi ili bidhaa isiuzwe kwa mwingine. Akinunua inaingia kwenye bei, akiacha inabaki kwa muuzaji. Ni nusu ya 定金. Nusu nyingine, ya muuzaji kurudisha mara mbili, haimo.

Uamuzi ukawa kuandika "arbuni ya dhamana (定金)" kila neno lilipotokea, herufi za Kichina zikibaki kwenye mabano ili msomaji aweze kuzilinganisha na risiti. Mara ya kwanza tu, chini ya ukurasa, yaliwekwa maelezo haya: "Fedha hii inaingia kwenye bei mkataba ukitekelezwa. Mnunuzi akivunja mkataba, haidai tena. Muuzaji akivunja, anairudisha mara mbili. Sheria ya China inaweka ukomo wa asilimia 20 ya bei. Hapa imeandikwa asilimia 30." Neno la risiti likafasiriwa "kianzio (订金)".

Kishawishi kikubwa kilikuwa kuisahihisha risiti kimyakimya, kwa kudhani karani alikosea kuchapa. Huenda alikosea kweli. Lakini mfasiri akisawazisha maneno hayo mawili, kamati haitajua kamwe kwamba yuani 40,000 zake hazina hadhi ileile na fedha inayotajwa mkatabani. Tofauti iliyo kwenye asili lazima iwepo kwenye tafsiri.

## Neno la pili: weiyuejin na ile "asilimia 5"

Kifungu cha ucheleweshaji kilisema upande unaochelewa utalipa 违约金 ya 万分之五 ya bei kwa kila siku. Hapa kulikuwa na makosa mawili ndani ya mstari mmoja.

La kwanza ni hesabu. Kichina hutamka sehemu kwa kuanza na kigawanyo: 百分之五 ni tano katika mia, 千分之五 ni tano katika elfu, 万分之五 ni tano katika elfu kumi. Wakala aliona "sehemu tano" na mazoea yakamalizia "asilimia". Kwa bei ya yuani 480,000, asilimia 5 ni yuani 24,000 kwa siku. Tano katika elfu kumi ni yuani 240. Kamati ilikuwa inaamini inalindwa mara mia zaidi ya ukweli. Tafsiri mpya iliandika "sehemu tano katika elfu kumi, yaani asilimia 0.05", na chini ya ukurasa ikaweka kiasi chenyewe kwa yuani. Kuweka mfano wa hesabu huchukua mstari mmoja, na ni kinga nzuri kwa sababu kosa la sufuri huonekana papo hapo likigeuka fedha.

La pili ni neno "faini". Faini hutozwa na mahakama, polisi wa barabarani au halmashauri. 违约金 ni kiasi ambacho pande mbili zenyewe zimekubaliana mapema kulipana mmoja akivunja ahadi. "Fidia" peke yake nayo haitoshi, maana msomaji atadhani lazima hasara ithibitishwe kwanza, senti kwa senti. Mfasiri aliandika "fidia ya mapatano", na kueleza mara moja kwamba ni kiasi kilichopangwa kabla.

Mpitiaji alipinga kwamba Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, tayari ina jambo hilo kwenye kifungu cha 74, hivyo kwa nini kubuni istilahi mpya? Jibu liko kwenye tabia ya vitu hivyo viwili. Kwa kifungu cha 74, kiasi kilichotajwa mkatabani ni dari: mahakama inatoa fidia ya kuridhisha isiyozidi hapo. Kwa kifungu cha 585 cha China, upande ukiomba, kiasi kinaweza kuongezwa kikiwa chini ya hasara, au kupunguzwa kikiwa kimezidi mno. Kutumia neno la sheria ya nyumbani kungemletea msomaji kanuni za nyumbani. Hoja ya mpitiaji ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyofanya maelezo yaongezewe sentensi hiyo.

Kilichobaki kilikuwa uhusiano wa neno hili na la kwanza. Kifungu cha 588 kinamruhusu aliyekosewa kuchagua moja: arbuni ya dhamana au fidia ya mapatano. Hawezi kuvuna zote mbili kwa kosa lilelile, ingawa arbuni isipotosha kufidia hasara anaweza kudai kilichopungua. Kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yameitwa "malipo ya awali" na "faini", hakuna mjumbe angeweza kuona kwamba yanahusiana.

## Neno la tatu: yanshou

Tafsiri ya kwanza ilisema mnunuzi "atakagua mashine ndani ya siku 7". Si kosa, ila ni nusu. 验收 ni vitendo viwili katika neno moja: 验 ni kukagua, 收 ni kupokea. Anayemaliza 验收 ameangalia na amekubali. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote, kwa hiyo ikaandikwa "ukaguzi na upokeaji".

Lakini hatari ilikuwa kwenye sentensi iliyofuata, ambayo wakala aliiruka akidhani ni marudio: 逾期未提出书面异议的，视为验收合格. Maana yake, muda ukipita bila pingamizi la maandishi, mtambo utahesabiwa kuwa umekaguliwa na kupokewa ukiwa sawa. Neno la kushika ni 视为, "itahesabiwa kuwa". Linaposimama kwenye mkataba, ukimya unageuka kuwa jibu. Na siku hizo 7 zilikuwa za kalenda, 日, Jumapili ikiwemo; siku za kazi zingeandikwa 工作日.

Zilianza kuhesabiwa mzigo ukifika eneo la kazi. Eneo lenyewe halikuwa bado na umeme wa njia tatu. Mtambo ungefika, ungelala chini ya turubai, na siku ya nane ungekuwa umekubaliwa kabla haujawahi kuzunguka. Sheria ya China ina kinga kidogo hapa: kifungu cha 622 kinasema muda wa ukaguzi ukiwa mfupi mno kwa aina ya bidhaa, utahesabiwa kuwa ni wa kasoro zinazoonekana kwa macho tu. Hata hivyo kuitegemea kinga hiyo ni kujitayarisha kwa shauri, na shauri lingekuwa China.

## Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Mfasiri hakuishauri kamati isaini au isisaini. Aliweka mpaka huo tangu mwanzo: maelezo ya chini ya ukurasa yanasema neno lina uzito gani katika sheria ya China, na ushauri ni wa wakili. Alichofanya zaidi ni kuandaa karatasi ya maswali manne kwa Kichina na Kiswahili, kila swali likitaja kifungu na neno lake, ili wakala ayapeleke kwa maandishi na asiyaulize kwa sauti. Sababu tumeiona: kwa sauti dingjin zote ni moja.

Kiwanda kilijibu baada ya siku tatu, na bila ugomvi. Ikaandikwa hati ya nyongeza. Arbuni ya dhamana ikashuka hadi asilimia 20, yuani 96,000, na yuani 48,000 zilizobaki za awamu ya kwanza zikaitwa 预付款, malipo ya awali halisi. Yuani 40,000 zilizokwisha tumwa zikatajwa kwa namba ya risiti na kuhesabiwa kuwa sehemu ya arbuni. Ukaguzi na upokeaji ukawa siku 15 tangu mtambo uwashwe kwa majaribio, ila usipite siku 45 tangu mzigo ufike. Kiwango cha ucheleweshaji hakikubadilika. Kamati ilijua sasa kwamba ni yuani 240 kwa siku na ikakikubali ilivyo.

## Matokeo

Mkopo ulichelewa wiki tatu, kama ilivyohofiwa. Safari hii kamati haikuzungumzia kujitoa, kwa sababu ilijua yuani 96,000 zingebaki kiwandani. Iliandika barua mapema kuomba muda wa malipo ya pili usogezwe, na kiwanda kikakubali kwa maandishi.

Kiwanda nacho, baada ya kuongeza muda huo, kilichelewa siku 12. Fidia ya mapatano, yuani 2,880, ikakatwa kwenye awamu ya mwisho. Umeme ulifika kwa kusuasua. Mtambo uliwashwa siku ya 41 tangu mzigo ufike. Beringi moja ya giaboksi ilipata moto kupita kiasi ndani ya saa mbili, na pingamizi la maandishi, lenye picha na namba ya mashine, likatumwa siku ya 43. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Kiwanda kilituma beringi mpya kwa ndege, na salio la awamu ya mwisho likalipwa baada ya mtambo kukimbia bila tatizo.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kuacha herufi za Kichina kwenye mabano kulifaa kuliko ilivyotarajiwa. Katibu wa kikundi, ambaye hajui hata neno moja la Kichina, alilinganisha umbo la herufi kwenye hati ya nyongeza na lile la kwenye tafsiri, akathibitisha kwamba lenye paa ndilo lililotumika. Kuomba nyaraka zote badala ya mkataba peke yake nako kulilipa mara moja, kwani risiti ndiyo iliyokuwa na mgongano.

Neno "arbuni", kwa upande mwingine, lilileta shida mbili. Wajumbe wengi wa bara hawalijui, na mwenyekiti alilisikia kama "kurubuni", akauliza kama kiwanda kinaomba rushwa. Mjumbe mmoja mwenye asili ya pwani alilijua vizuri mno: aliamini anayepoteza ni mnunuzi tu, akaliruka elezo la chini kwa kuwa aliona halimhusu. Neno lisilojulikana angalau humfanya mtu aulize; linalojulikana nusu humfanya ajibu mwenyewe. Katika kazi zilizofuata mfasiri alihamisha maana ndani ya jina lenyewe, "arbuni ifungayo pande mbili", na maelezo akayatoa chini ya ukurasa akayaweka kwenye jedwali la istilahi mwanzoni, kabla ya kifungu cha 1.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kiambatisho cha kiufundi. Kurasa zake tatu zilikuwa na jedwali la vipimo, na kwa kuwa malipo ya tafsiri yalihesabiwa kwa ukurasa, pande zote ziliona namba hazihitaji kufasiriwa. Chini ya jedwali kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo: 参数仅供参考，以实物为准. Unasema vipimo ni vya kurejelea tu, na kinachohesabika ni kifaa chenyewe kilivyo. Jedwali lilitaja tani 10 za mbegu kwa siku. Mtambo, hata ukiwa mzima na mbegu zikiwa zimekauka vizuri, unakamua kama tani 8, na kwa mstari huo kikundi hakikuwa na pa kusimamia.